Tofauti ya shilingi 19,500: kusuluhisha mauzo ya mwezi kati ya lahajedwali la fedha na ripoti ya hifadhidata

Mwongozo huu unahusu hali moja mahususi: lahajedwali la idara ya fedha linatoa jumla moja ya mauzo ya mwezi, ripoti inayotoka kwenye hifadhidata ya programu ya mauzo inatoa jumla nyingine, na kati yake kuna tofauti ndogo sana ukiilinganisha na mauzo yenyewe. Tofauti ikiwa kubwa, chanzo chake kwa kawaida huonekana mapema, kwa mfano tawi zima limesahaulika, au upande mmoja umehesabu mauzo pamoja na kodi na mwingine bila kodi. Tofauti ndogo ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi huwa ni masalio ya makosa kadhaa makubwa, mengine yakiongeza na mengine yakipunguza, yakafutana hadi kikabaki kiasi kidogo.

Nitatumia mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi ninalolifanyia hesabu hapa Mtwara mjini. Mwezi ni Novemba 2024. Novemba kwetu ni mwezi wa kazi nyingi, kwa kuwa malipo ya korosho yanakuwa yameanza kuwafikia wakulima, na fedha ya korosho ikiingia mfukoni hugeuka haraka kuwa bati, saruji na misumari. Magari ya kupandisha mzigo Newala na Tandahimba hupakia usiku ili yafike alfajiri, kwa hiyo kaunta ya mauzo haifungwi hadi gari la mwisho liondoke, na wakati mwingine hilo huwa saa 8 usiku. Jambo hilo la usiku ndilo lililobeba sehemu kubwa ya tatizo, kama itakavyoonekana.

Lahajedwali lilionyesha mauzo ya shilingi 214,686,000. Ripoti ya hifadhidata ilionyesha shilingi 214,705,500. Mfumo ulizidi kwa shilingi 19,500.

Usiitafute tofauti yenyewe

Karani wetu kijana alifanya kile ambacho wengi hukifanya kwanza: aliandika 19,500 kwenye kisanduku cha kutafutia. Baada ya dakika chache akaja mezani kwangu akiwa na furaha. "Dada, nimeipata. Kuna risiti ya 19,500 kamili, mfuko mmoja wa saruji na kilo moja ya misumari. Itakuwa hiyo haikuingizwa kwenye lahajedwali."

Risiti hiyo ilikuwapo kweli: mfuko wa saruji shilingi 16,500 na kilo ya misumari shilingi 3,000. Nilipomwomba aitafute pia upande wa lahajedwali, aliikuta imeandikwa vizuri kabisa, katika siku yake. Haikuhusika na lolote. Lau angeiongeza mara ya pili bila kuuliza, jumla mbili zingelingana, mwezi ungefungwa, na hesabu ingekuwa na kosa jipya juu ya yale ya zamani. Katika duka lenye risiti zaidi ya 1,300 kwa mwezi na bidhaa chache zenye bei zinazojirudia, karibu kiasi chochote utakachokitafuta utakipata mahali fulani.

Kwa sababu hiyo, kazi ianze kwenye risiti na iende kwenye jumla. Risiti moja moja ya upande huu ilinganishwe na mwenzake wa upande ule, na kila isiyo na mwenzake, au iliyo na mwenzake mwenye kiasi tofauti, iandikwe kwenye orodha. Orodha hiyo ikikamilika, jumla yake ni lazima iwe sawa na tofauti uliyoanza nayo, hadi shilingi ya mwisho.

Hatua ya kwanza: gandisha pande zote mbili

Toa ripoti ya hifadhidata kwa kiwango cha risiti, usitoe jumla ya siku wala ya tawi, na uihifadhi kama faili. Saa hiyohiyo hifadhi nakala ya lahajedwali. Andika kwenye jina la kila faili tarehe na saa uliyoitoa. Sababu ni kwamba mfumo wa mauzo haulali: mtu anaweza kuingiza leo marejesho ya mwezi uliopita au kufuta risiti iliyokosewa, na ukilinganisha lahajedwali la Jumatatu na ripoti ya Jumatano utakuwa unakimbiza kitu kinachosogea.

Kabla ya kuendelea, waulize watu wawili, mhasibu na yule anayeisimamia programu, neno "mauzo" kwao lina maana gani. Je, ni pamoja na kodi ya ongezeko la thamani au bila kodi hiyo? Gharama ya kusafirisha mzigo imo? Risiti iliyofutwa inahesabiwa? Marejesho yanapunguzwa siku bidhaa iliporudi au siku yalipoingizwa kwenye mfumo? Majibu yaandikwe kwa sentensi kamili, kwa sababu yatahitajika mwishoni wakati wa kuamua upande upi urekebishwe. Kwetu sisi tulikubaliana kuanza na mauzo pamoja na kodi, kwa kuwa hicho ndicho kiasi kilichochapwa kwenye risiti na ndicho mteja alichotoa. Kiasi bila kodi huzaliwa na hesabu ya kugawanya, na hesabu hiyo huleta matatizo yake, ambayo nitayaeleza mwisho.

Hesabu pia idadi ya mistari. Lahajedwali letu lilikuwa na mistari 1,314 na ripoti ilikuwa na 1,313. Idadi ni dalili nzuri, lakini si ushahidi. Baada ya kazi kumalizika tuligundua kwamba idadi sahihi ya mwezi ilikuwa 1,313, sawasawa na ya ripoti, ingawa ripoti hiyo ilikuwa na risiti tatu zisizostahili kuwamo na ilikosa mistari mitatu iliyostahili.

Hatua ya pili: safisha namba za risiti na kiasi

Namba ya risiti ndiyo ufunguo wa kulinganisha, hivyo ikichafuka kila kitu kitaonekana kimepotea. Nafasi tupu mwishoni mwa namba, ambayo haionekani kwa macho, inatosha kuifanya risiti moja ionekane kuwa mbili. Sifuri za mwanzo nazo hupotea Excel inapoigeuza namba kuwa tarakimu, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hubadilishwa tarakimu zake za mwisho kuwa sifuri, mara nyingi bila onyo. Kwa hiyo, usilifungue faili la mfumo moja kwa moja, bali liingize kwenye Excel na uipe safu ya namba muundo wa maandishi kabla data haijapakiwa.

Kwenye safu ya kiasi, hatari ni kinyume chake: kiasi kilichohifadhiwa kama maandishi hakijumlishwi na `SUM`, ingawa kwenye kioo kinaonekana kama tarakimu nyingine zote. Jaribio lake ni fupi. Ikiwa viasi viko B2 hadi B1315, fomula hizi mbili zinapaswa kutoa jibu moja:

```
=COUNT(B2:B1315)
=COUNTA(B2:B1315)
```

Ya pili ikizidi ya kwanza, kuna visanduku ambavyo vina kitu lakini si tarakimu. Kwetu zilitoa 1,314 zote mbili, tukaendelea.

Hatua ya tatu: linganisha risiti kwa risiti

Ukiwa na ruhusa ya kuingiza faili kwenye hifadhidata, njia safi zaidi ni kuyaweka mafaili yote mawili kama majedwali na kuyaunganisha pande zote, yaani kwa `FULL JOIN`, ili kinachokosekana upande wowote kionekane. Mfano huu ni wa PostgreSQL. `fedha` ni lahajedwali na `mfumo` ni ripoti:

```sql
WITH a AS (
  SELECT trim(namba) AS namba,
         SUM(kiasi) AS kiasi, COUNT(*) AS idadi
  FROM fedha GROUP BY 1
), b AS (
  SELECT trim(namba) AS namba,
         SUM(kiasi) AS kiasi, COUNT(*) AS idadi
  FROM mfumo GROUP BY 1
)
SELECT namba, a.kiasi AS ya_fedha, b.kiasi AS ya_mfumo,
       COALESCE(b.kiasi,0) - COALESCE(a.kiasi,0) AS tofauti
FROM a FULL JOIN b USING (namba)
WHERE a.kiasi IS DISTINCT FROM b.kiasi
   OR a.idadi <> b.idadi
ORDER BY namba;
```

Kujumlisha kwa namba kabla ya kuunganisha si pambo. Risiti iliyoandikwa mara mbili upande mmoja, ikiunganishwa moja kwa moja na mwenzake wa upande wa pili, itatoa mistari miwili, na kila mstari peke yake utaonekana umelingana. Marudio yatakuwa yamejificha mbele ya macho yako.

Asiye na ruhusa hiyo anaweza kufanya kazi ileile ndani ya Excel. Aweke karatasi mbili ziitwazo Fedha na Mfumo, namba zikiwa safu A na kiasi safu B. Katika karatasi ya tatu abandike namba zote za pande zote mbili, aondoe marudio kwa `Remove Duplicates`, kisha kando ya kila namba aweke:

```
=SUMIFS(Mfumo!$B:$B,Mfumo!$A:$A,A2)-SUMIFS(Fedha!$B:$B,Fedha!$A:$A,A2)
```

Achuje yote yasiyo sifuri. Tahadhari moja tu: `SUMIFS` huihesabu namba `00417` na `417` kuwa kitu kimoja hata kama zimeandikwa kama maandishi, kwa hiyo ikiwa matawi yako yanatofautishwa kwa sifuri za mwanzo, ongeza herufi ya tawi mbele ya namba kabla ya kulinganisha.

Katika mwezi wetu, kati ya risiti zaidi ya elfu moja na mia tatu, ilibaki mistari minane tu.

Hatua ya nne: ipange orodha kwa sababu zake

Mistari minane ilijigawa hivi.

Risiti tatu zilikuwa kwenye mfumo bila kuwamo kwenye lahajedwali: shilingi 640,000, 165,000 na 96,000, jumla 901,000. Zote zilichapwa tarehe 1 Desemba, usiku, kabla ya saa 9.

Risiti mbili zilikuwa kwenye lahajedwali bila kuwamo kwenye mfumo: shilingi 512,000 na 247,500, jumla 759,500. Zote mbili zilichapwa tarehe 1 Novemba, nazo usiku, kabla ya saa 9.

Mstari mmoja wa marejesho ya mifuko miwili ya saruji, shilingi 33,000, ulikuwa umepunguzwa kwenye lahajedwali tarehe 30 Novemba. Kwenye mfumo marejesho hayo yaliingizwa tarehe 2 Desemba, hivyo ripoti ya Novemba haikuyaona.

Risiti moja ilikuwa shilingi 369,000 kwenye mfumo na 396,000 kwenye lahajedwali. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi wakati wa kuandika. Kosa la aina hii lina alama yake: tofauti inayoletwa, hapa 27,000, hugawanyika kwa 9 bila kubaki. Alama hiyo ina faida unapoutazama mstari mmoja. Ukiitumia kwenye tofauti ya jumla ya mwezi, itakudanganya kila makosa yakiwa zaidi ya moja, na kwa kweli 19,500 yetu haigawanyiki kwa 9 ingawa kosa hilo lilikuwamo.

Risiti ya mwisho, ya bati nne, shilingi 128,000, ilibandikwa mara mbili kwenye lahajedwali.

Sasa jumlisha kwa alama zake, ukihesabu kilichozidi kwenye mfumo kuwa chanya: 901,000 kutoa 759,500, kuongeza 33,000, kutoa 27,000, kutoa 128,000. Jibu ni 19,500 kamili. Orodha imefunga. Lakini ukiijumlisha bila alama, makosa yenyewe yalifikia shilingi 1,848,500. Hicho ndicho kiasi kilichokuwa mahali pasipo pake, na ni zaidi ya mara tisini ya tofauti iliyoonekana.

Kuhusu zile saa tatu za usiku

Makundi mawili ya kwanza yana chanzo kimoja, na ningependa kukaa hapa kidogo, kwa sababu kosa hili hurudi kila mwezi hadi litibiwe kwenye ripoti yenyewe.

Hifadhidata nyingi huhifadhi muda kwa saa za UTC. Saa za Tanzania ziko mbele ya UTC kwa saa tatu, mwaka mzima bila kubadilika. Risiti iliyochapwa kaunta tarehe 1 Desemba saa 7:40 usiku, ambayo kwa saa za kompyuta ni 01:40, huonekana ndani ya hifadhidata hivi:

```
2024-11-30 22:40:00+00
```

Ripoti inayokata mwezi kwa saa za UTC itaihesabu risiti hiyo kuwa ya Novemba. Kila mwezi, basi, huchukua saa tatu za kwanza za mwezi unaofuata na kupoteza saa tatu zake za kwanza, ambazo zimekwenda mwezi uliotangulia. Duka linalofungwa saa 12 jioni haliwezi kuliona kosa hili kamwe. Linaonekana kwa wanaouza usiku, kama sisi, au vituo vya mafuta, au nyumba za wageni.

Njia ya kuthibitisha ni kuchukua risiti moja ya karatasi yenye saa iliyochapwa, kisha kuitafuta namba yake kwenye hifadhidata na kulinganisha saa. Uwe mwangalifu na saa zilizoandikwa kwa mkono. Mlinzi wa ghala akiandika kwenye daftari la kupakia "saa 7 usiku", karani asiyefikiri anaweza kuingiza 07:00, na wapo wanaosema "usiku wa tarehe 30" wakimaanisha usiku ule wote hadi alfajiri, ilhali wengine husema "usiku wa kuamkia tarehe 1". Kwenye hesabu, tarehe iliyochapwa kwenye risiti ndiyo iamue.

Kabla ya kurekebisha ripoti, angalia aina ya safu inayotunza muda kwa amri `\d mauzo`. Ikiwa ni `timestamp with time zone`, mipaka ya mwezi iandikwe pamoja na saa za kwetu:

```sql
WHERE muda >= '2024-11-01 00:00+03'
  AND muda <  '2024-12-01 00:00+03'
```

Ikiwa ni `timestamp without time zone`, marekebisho hayo hayatafanya kazi, na PostgreSQL haitakuambia: itaipuuza ile `+03` kimyakimya na kuendelea kukata mwezi kama zamani. Hapo ni lazima kwanza uieleze kwamba muda uliohifadhiwa ni wa UTC:

```sql
WHERE muda AT TIME ZONE 'UTC' >= '2024-11-01 00:00+03'
  AND muda AT TIME ZONE 'UTC' <  '2024-12-01 00:00+03'
```

Mimi mwenyewe nilipoteza siku nzima kwa sababu hiyo, nikiamini nimerekebisha wakati jumla haikusogea hata shilingi. Tangu hapo, nikibadilisha mpaka wa tarehe naitazama kwanza risiti moja ya usiku ninayoijua, kuona kama imehama mwezi.

Zingatia pia kwamba mpaka wa mwisho umeandikwa "chini ya tarehe 1 Desemba" na si "hadi tarehe 30 Novemba". Anayetumia `BETWEEN '2024-11-01' AND '2024-11-30'` kwenye safu yenye saa hukata mwezi mara tu tarehe 30 inapoanza, na mauzo ya siku nzima hupotea. Tofauti hiyo kwa kawaida si ndogo, lakini katika siku ya Jumapili au ya mvua inaweza kuwa.

Wenye mashine ya EFD wana shahidi wa tatu, ripoti ya Z ya kila siku. Itumie, ila soma saa iliyochapwa juu yake. Ripoti ya Z iliyofungwa alfajiri ya tarehe 1 itakuwa na mauzo ya baada ya saa 6 usiku ndani yake, na ukiichukua kuwa ni ya tarehe 30 utakuwa umeongeza mpaka wa tatu juu ya ile miwili inayogombana.

Hatua ya tano: rekebisha kila kosa mahali lilipozaliwa

Kosa la mpaka wa mwezi hurekebishwa kwenye ripoti. Tarakimu zilizobadilishana na risiti iliyorudiwa hurekebishwa kwenye lahajedwali. Marejesho yalikuwa suala la kanuni: tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba bidhaa iliyorudi Novemba inapunguza mauzo ya Novemba, kwa hiyo mfumo ulipaswa kuipa hati ya marejesho tarehe ya bidhaa kurudi.

Baada ya hapo lahajedwali lilishuka kutoka 214,686,000 kwa 27,000 na 128,000, likawa 214,531,000. Ripoti ilishuka kwa 901,000, ikapanda kwa 759,500, ikashuka tena kwa 33,000, nayo ikawa 214,531,000. Pande zote mbili zilikuwa na makosa. Hakukuwa na upande wa kuaminiwa na upande wa kulaumiwa, na hili ni muhimu kulisema mapema ofisini, kwa sababu mhasibu na mtu wa mfumo wakianza kwa kutetea jumla zao, kazi ya saa mbili huchukua wiki.

Nisichokubali kabisa ni mstari wa "marekebisho" unaoongezwa ili jumla zilingane. Kwetu mstari huo ungekuwa wa 19,500 na ungeonekana mdogo na wa busara, huku risiti ya 128,000 ikiendelea kuhesabiwa mara mbili na kulipiwa kodi mara mbili. Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Panga kulinganisha kufanyike wiki ya kwanza, ili usishawishike kuweka mstari huo kwa kukosa muda.

Tofauti inayobaki baada ya kutoa kodi

Mauzo pamoja na kodi yakishalingana, rudia ulinganisho kwa mauzo bila kodi. Hapa tofauti mpya huzaliwa hata kama hakuna aliyekosea kuandika, na chanzo chake ni mahali pa kufanyia makadirio ya shilingi nzima.

Lahajedwali letu lilichukua jumla ya mwezi na kuigawa kwa 1.18, kwa kiwango cha asilimia 18, likapata shilingi 181,805,932.20. Mfumo ulitoa 181,806,152, yaani zaidi kwa karibu shilingi 220. Watu wengi hapa husema "ni makadirio tu" na kufunga. Inawezekana ni makadirio, lakini makadirio yanaweza kuthibitishwa kama kitu kingine chochote.

Mfumo huu ulikuwa unaitoa kodi kwenye bei ya kipande kimoja, unakadiria hadi shilingi nzima, kisha unazidisha kwa idadi. Bati moja la shilingi 32,000 likigawanywa kwa 1.18 hutoa 27,118.64, mfumo uliandika 27,119, ziada ya karibu senti 36. Senti 36 si kitu, ila bati hizo ziliuzwa 2,150 mwezi huo, na zote zina ziada ileile, upande uleule. Ziada yake ilifikia shilingi 765. Saruji ya 16,500 ilikatwa kwenda chini kwa takriban senti 5, mifuko 4,300, upungufu wa shilingi 219. Misumari ya 3,000 ilikatwa kwenda chini kwa senti 37, kilo 900, upungufu wa shilingi 336. Bidhaa hizo tatu peke yake, ukihesabu na senti zake, zinaeleza shilingi 211 kati ya 220, na zilizobaki hazifiki shilingi 9 kwa bidhaa nyingine zote za duka.

Wengi hudhani makadirio hujifuta yenyewe kwa kuwa mengine huenda juu na mengine chini. Hujifuta pale bei zinapokuwa nyingi na za namna mbalimbali. Duka linaloishi kwa bidhaa tatu zenye bei zisizobadilika halifuti kitu, hukusanya. Ndiyo maana tofauti ya makadirio kwetu hukua msimu wa korosho na kupungua mwezi Machi, na anayeitazama kwa juu anaweza kudhani kuna mtu anachota senti.

Ukomo wake unajulikana pia. Kila kipande kinaweza kukosewa kwa nusu shilingi kwa upeo, hivyo tofauti ikizidi nusu ya idadi ya vipande vilivyouzwa, si makadirio. Ikiwa ni kiasi cha mamia kamili, kama 500 au 3,000, nayo ina uwezekano mdogo sana wa kuwa makadirio, rudi kwenye risiti. Na ikiwa inakaribia nusu shilingi kwa kila mstari, siku zote upande mmoja, angalia kama programu inakata senti badala ya kukadiria, kwa `TRUNC` au `INT` mahali palipostahili `ROUND`.

Suluhisho ni kuchagua mahali pamoja pa kukadiria na kuliandika hilo kwenye kanuni mliyoanza nayo. Mimi napendelea kukadiria mara moja kwa risiti nzima, kwa kuwa risiti ndiyo karatasi ambayo mteja na mkaguzi wote wanaishika. Hakikisha pia safu za fedha kwenye hifadhidata ni za aina ya `numeric`. Aina ya `real` haiwezi kushika kila shilingi ya jumla ya milioni mia mbili. Kwenye kiasi hicho huruka shilingi 16 kwa 16.

Miezi ya jirani

Ukiisha kurekebisha mpaka wa Novemba, usiiache Oktoba. Zile risiti mbili za shilingi 759,500 ambazo ripoti ya Novemba ilizikosa hazikuwa zimepotea: zilikuwa ndani ya ripoti ya Oktoba, na ripoti hiyo ikibaki kama ilivyo zitahesabiwa mara mbili kwenye miezi hiyo miwili. Toa upya ripoti ya kila mwezi wa mwaka huo kwa mipaka mipya. Usitegemee jumla ya mwaka kukuonyesha tatizo, kwa kuwa kinachotoka mwezi mmoja huingia mwezi wa jirani, na mwisho wa mwaka hubaki tu tofauti ya saa tatu za mwanzo wa Januari mbili.

Sisi tulianza na Desemba. Kabla ya kutazama jumla yake tulizitafuta zile risiti tatu za usiku wa kuamkia tarehe 1, yaani 640,000, 165,000 na 96,000. Tulizikuta zote tatu juu kabisa ya orodha, na ya kwanza ilikuwa imechapwa saa 6:12 usiku.